Dropu "8 mm" kwenye boksi ni 8 mm ya wapi? Tumechoka kubahatisha

Soli_Bapa (mleta uzi):
Wakuu, hawa watengenezaji wanatuona watoto. Boksi la kiatu cha kukimbilia linasema dropu 8 mm, yaani kisigino kimezidi mbele kwa 8, basi. Imepimwa sehemu gani? Soli ya ndani imo au wameitoa? Roka, ule mpindo wa soli unaopanda kuelekea vidoleni, inaanzia wapi? Kimya. Mtu wa kilomita 80 kwa wiki anatoka kiatu cha 8 anaingia kingine cha 8, shavu la mguu linakaza kama kamba ya hema, halafu anaambiwa "mwili haujazoea".

Tuchukue mfano. Kiatu A kina staki, yaani unene wa soli, ya 32 mm kisiginoni na 24 mbele, soli karibu bapa. Kiatu B kina 39 na 31, sponji laini, bamba la kaboni, roka kali. Vyote vinaitwa 8. Sasa pimeni kwa alama wanazotumia World Athletics: asilimia 12 ya urefu wa ndani kutoka nyuma, na asilimia 75. Kiatu chenye urefu wa ndani wa 270 mm, alama zinaangukia kama 32 mm na 203 mm. Kwenye hiyo 203, soli ya B imeshapanda, na ukiiweka mezani unaona mwanya wa 4 mm chini yake. Unene ni 31, sawa, lakini mguu umekaa 35 juu ya ardhi. Ukisimama, kisigino kimezidi mbele kwa 4, siyo 8! Hawajadanganya, ila wamejibu swali ambalo hatukuuliza.

Mbio_Ndefu:
Mbona rahisi mkuu. Dropu ndogo inakula shavu na kano ya kisigino, dropu kubwa inakula goti. Shavu likilalamika, nunua 10 au 12, umemaliza.

Fundi_wa_Nyayo:
Mbio_Ndefu, hiyo inakwenda vizuri kwa kiatu bapa kinachokunjika. Kwa kiatu kigumu chenye roka, dropu inakuwa na neno zaidi mguu ukiwa umelala wote chini. Kisigino kikishanyanyuka, kinachoamua ni mahali pa kubingirikia. Pakiwa nyuma ya shina la kidole gumba, kiatu kinaanguka mbele mapema na shavu linapumzika. Pakiwa mbele ya shina hilo na bamba ni gumu, umelipatia shavu wenzo mrefu zaidi wa kusukuma. Hapo hata dropu ya 10 haikuokoi.

Kupima ni kazi ya dakika tano. Weka kiatu kwenye meza iliyonyooka, ingiza mkono ukandamize katikati kisiyumbe. Sukuma kipande cha karatasi chini ya soli kutokea mbele mpaka kigome, weka alama ubavuni. Kisha toa soli ya ndani ya kiatu ulichokwisha kukimbilia sana, tafuta shimo lililochimbwa na shina la kidole gumba, pima umbali wake kutoka nyuma. Mfano shimo liko 195 na karatasi imegoma 175: roka inakutangulia kwa 20 mm, vizuri. Karatasi ikigoma 198, hicho kiatu kimetengenezewa mguu mwingine.

Ndiyo maana kupanda saizi nzima ili vidole vipate nafasi kunaharibu mambo. Kisigino chako kinabaki palepale nyuma, roka inasogea mbele kama 4 mm. Ukitaka upana, tafuta kiatu kipana.

Kasi_Kidogo:
Samahani wakuu, mimi changu ni 45 mm kisiginoni, dropu 6. Nitafukuzwa kwenye mashindano?

Fundi_wa_Nyayo:
Hilo ni jambo jingine, mkuu. Kanuni ya World Athletics ni unene usiozidi 40 mm barabarani, na 20 mm uwanjani tangu Novemba 2024. Mbio za kawaida waulize waandaaji. Ila dropu yako haihusiki kabisa.

Mbio_Ndefu:
Sasa sponji laini je? Ikibonyea si hesabu zote zinakufa?

Fundi_wa_Nyayo:
Zinayumba. Anayetua kwa kisigino anabonyeza nyuma kwanza, dropu inapungua hapohapo. Anayetua kwa mbele, kinyume chake. Na sponji ikichakaa upande mmoja, kiatu cha 8 kinakuwa kiatu kingine bila boksi kubadilika. Pima tena ukiona mikunjo ya sponji ubavuni haifunguki hata baada ya kiatu kupumzika siku mbili.

Soli_Bapa:
Kwa hiyo waandike umbali wa roka kwenye boksi, na kimo cha mguu juu ya ardhi badala ya unene.

Fundi_wa_Nyayo:
Umbali wa roka nakubali. Kimo hapana: kiatu kikishabingirika, huo mwanya wa 4 mm unafungwa, na unene ndio unaobaki chini ya mguu.

Soli_Bapa:
Mguu unalala chini kabla haujabingirika, mkuu. Waandike zote mbili.