Eti "ulidhani zawadi ya harusi?" Wana Mtwara njooni mnisaidie kucheka, kulia nimeshamaliza

Mwana wa Mikindani
Wakuu sina muda wa salamu ndefu, nimetoka ofisini kwao saa nane na mpaka sasa niko hapa feri ya Msangamkuu, na Msangamkuu kwenyewe siendi, nimekaa tu naangalia maji kama niliyefiwa. Kampuni mnaijua sitaji. Wale wa pikapu nyeupe wanaopita Shangani kama wanawahi kuzima moto. Na yule dada wa utumishi ndo mnamjua kabisa, aliyewahi kukutana naye hasahau mpaka kiama.

Iko hivi. Nilianza kazi tarehe 1 Machi 2024, mkataba una bonasi ya kusaini milioni 6, ukiondoka kabla ya miezi 24 unarudisha kwa prorata, yaani miezi iliyobaki tu. Sawa, nilisaini kwa mkono wangu, sikatai. Nimeacha kazi kwa notisi ya siku 28 kama binadamu mstaarabu, siku ya mwisho 20 Juni 2025. Leo nimeenda kuchukua malipo ya mwisho, siku nilizofanya kazi pamoja na likizo, kama 1,640,000. Dada ananigeuzia slipu, net inasoma sifuri. SIFURI. Halafu chini kuna kikaratasi, eti wao bado wananidai 1,360,000.

Nikamwambia dada yangu hii hesabu vipi, mbele ya mama wa chapati, mbele ya mlinzi, mbele ya vijana wawili wamekuja usaili na tai zao, akashusha miwani akasema "kwani ulidhani zawadi ya harusi?" Yule mama wa chapati akacheka mpaka chai ikamwagika. Mimi chapati zake nimekula mwaka mzima jamani!

Zawadi ya harusi. Kwenye harusi yangu walichanga beseni.

Bi Mkubwa Chikongola
Pole mwanangu ila hela ya watu si uliila? Rudisha.

Kaskazi
Hahahaha beseni. Hilo nalo wanaweza kulidai prorata.

Mwana wa Mikindani
Bi Mkubwa shikamoo, sikatai kurudisha, nakataa HESABU. Milioni 6 gawa kwa 24 ni 250,000 kwa mwezi. Toka Machi mpaka Juni nina miezi 15 kamili na siku 20 juu. Imebaki 9, basi 2,250,000. Yeye ameweka miezi 12, milioni 3. Namuuliza hiyo mitatu imeliwa na nani, ndo akashusha miwani.

Nyundo ya Lindi
Mkuu hapo wamefanya kosa kubwa, kwa sheria mwajiri haruhusiwi kukata zaidi ya robo ya mshahara, mwambie hivyo atetemeke.

Mzee Karani (mstaafu)
Nyundo umepatia nusu. Robo ipo kwenye Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, ila iko kwenye mambo ya hasara na uharibifu, umegonga gari la kampuni, umepoteza vifaa. Hili ni deni, na kwenye deni swali ni moja, je uliridhia kwa maandishi KUKATWA? Kusaini kwamba utarudisha siyo kusaini kwamba wachukue wenyewe kwenye mshahara. Nimekaa utumishi miaka mingi, mikataba mingi ina ya kwanza haina ya pili, na watu wanakata tu kwa mazoea.

Kijana, bonasi yenyewe uliingiziwa lini?

Mwana wa Mikindani
Mzee wangu shikamoo. Iliingia na mshahara wa Mei baada ya miezi mitatu ya majaribio kuisha.

Mzee Karani (mstaafu)
Marahaba. Basi miezi yako mitatu imelala hapo. Wewe umeanza kuhesabu siku ulipoingia kazini, yeye kaanza 1 Juni baada ya hela kutoka. Toka hapo mpaka 20 Juni 2025 ni miezi 12 kamili, zinabaki 12, kwake milioni 3 imenyooka. Huyo dada hesabu anajua, alichokosa ni ulimi. Kafungue mkataba uone miezi 24 inaanza tarehe ipi. Na zile siku 20, angalia kama wameandika mwezi uliokatika unahesabiwa umefanyika au haujafanyika. Ukihesabiwa umefanyika, kwako inabaki 8, milioni 2 tu. Neno moja 250,000.

Kaskazi
Mzee Karani anaongea kama kasaini yeye.

Mwana wa Mikindani
Kuna jingine lililonichoma. Milioni 6 sikuishika. Iliingia 4,200,000, PAYE ilikula asilimia 30 maana mshahara wangu ulikuwa umeshavuka milioni. Sasa narudisha hela ambayo mkono wangu haujaigusa? Ile 1,800,000 si wakaidai TRA? Nilimuuliza na hilo. Ndo ile ya harusi ilipotoka, siyo ile ya kwanza, aliirudia MARA YA PILI. Mlinzi akageuka ukutani mabega yanacheza.

Mzee Karani (mstaafu)
Hapo una hoja ila haijanyooka. Mkataba ukisema utarudisha kiasi kabla ya kodi, umebanwa. Ukisema kiasi ulicholipwa, bishana, maana 4,200,000 kwa 24 ni 175,000 kwa mwezi. Nimeona kampuni zikikubali na nimeona zikikataa. Ukitaka kwenda tume ya usuluhishi, CMA, siku 60 toka mgogoro uanze, zinahesabika usikae hapo feri.

Mama Nasra
Mimi wa kwangu ulikuwa mwaka mmoja hauna prorata, nimeondoka mwezi wa kumi na moja nimerudisha YOTE, shilingi hadi shilingi. Wewe unalia na miezi mitatu, mimi mwezi mmoja umekula bonasi nzima, na nilikuwa nimeshanunua friji. Friji lenyewe likafa.

Ticha wa Nangwanda
Na sisi tuliosomeshwa na shule binafsi wanadai ada ya kozi je?

Mama Nasra
Ticha hiyo siyo bonasi.

Ticha wa Nangwanda
Hela ni hela.

Bi Mkubwa Chikongola
Mwambie mwajiri mpya akulipie deni, si kakuchukua? Wachezaji mpira hawafanyi hivyo?

Mwana wa Mikindani
Bi Mkubwa mwajiri mpya mwenyewe kaniuliza kama nina godoro.

Nyundo ya Lindi
Kwa hiyo ile robo yangu haifanyi kazi?

Mkulima Halisi Newala
Nyie mnakatwa mara moja mnafungua uzi. Mimi korosho zangu zinakatwa kilo ghalani, zinakatwa ushuru, zinakatwa Amcos, kinachofika ni nauli ya kurudi nyumbani. Na hakuna aliyenipa bonasi ya kusaini mkorosho.

Kaskazi
Mkulima na wewe kawadai prorata ya mvua.

Mzee Karani (mstaafu)
Kukatwa mmekutaja nyie. Kikokotoo cha pensheni mnakijua? Mpaka 2024 ilikuwa asilimia 33 mkononi, iliyobaki unasubiri kila mwezi. Hamjaona kitu.

Ticha wa Nangwanda
Mzee umegusa donda, hiyo 33 ndo ilimmaliza baba yangu mdogo, fungua uzi wake kabisa.

Mwana wa Mikindani
Jamani nimefika nyumbani nimeufungua mkataba. Imeandikwa "kipindi cha miezi 24 kama kilivyofafanuliwa kwenye Kiambatisho B". Nina Kiambatisho A na C.

Kaskazi
B amebaki nayo dada. Ndo zawadi ya harusi.

Mkulima Halisi Newala
Mzee Karani hiyo 33 na mkulima anahusika?