Mjadala: Je, TCRA iwalazimishe watoa huduma kukataa njia batili za intaneti?

Kipimajoto
Wakuu, TCRA ndiyo inayotoa leseni kwa watoa huduma wote. Kwa nini isiweke sharti kwamba kila mmoja akague njia kwa RPKI, mfumo wa sahihi unaoonyesha nani ana haki ya kutangaza anwani zipi, na kuzikataa zilizo batili? Au ni kuibebesha mitandao midogo ya Dar mzigo usio na faida?

Fundi wa Rauta
Naunga mkono nusu. Tazameni tukio la Februari 24, 2008. YouTube walikuwa wakitangaza prefiksi, yaani kundi la anwani, 208.65.152.0/22, lenye anwani 1,024. Saa 3:47 usiku kwa saa zetu, Pakistan Telecom, ambao namba ya AS ya mtandao wao ni AS17557, wakatangaza 208.65.153.0/24, robo ya anwani hizo. Serikali yao ilikuwa imeamuru YouTube izuiwe nchini mwao tu, lakini tangazo likavuja hadi kwa PCCW (AS3491) aliyekuwa akiwauzia intaneti, naye akalisambaza duniani.

Rauta inapopeleka pakiti huifuata prefiksi ndefu kuliko zote zinazolingana na anwani, yaani yenye namba kubwa zaidi baada ya mkwaju. Haijali nani mkubwa wala nani alitangaza kwanza. Kwa hiyo /24 iliishinda /22 kila ilikofika. Saa 5:07 YouTube wakajibu kwa /24 ileile. Sasa urefu ulikuwa sawa, kwa hiyo kila mtandao ukaangalia vigezo vingine, kama urefu wa njia, na baadhi tu ya watazamaji wakarudi. Saa 5:18 wakatangaza /25 mbili, ila mitandao mingi haipokei prefiksi ndefu kuliko /24. Tatizo liliisha saa 6:01, PCCW walipoziondoa njia za Pakistan Telecom.

Mlango ulioachwa wazi ulikuwa wa PCCW. Laiti wangekuwa na orodha ya prefiksi za mteja wao na kukataa nyingine zote, tangazo lingefia hapo. Kwa hiyo kama ni sharti, lianzie hapo: ukimuuzia mtu intaneti, chuja matangazo yake. Orodha inatengenezwa kwa amri moja kutoka kwenye daftari la njia:

```
bgpq4 -4 -l MTEJA AS64500
```

Iendeshwe kila usiku, maana orodha iliyosahaulika humkatia mteja siku anapoongeza prefiksi mpya. Daftari lenyewe pia lina takataka za miaka mingi, ndipo RPKI inapohitajika.

Salma_NOC
Mkuu, mbona unazunguka? RPKI ikienea, utekaji wa prefiksi kama huo unakwisha. Kila njia inakuwa na sahihi, mwizi hawezi kuipata.

Fundi wa Rauta
Dada Salma, hapo umepatia nusu. Kinachosainiwa ni ROA, na ROA inasema mambo mawili tu: AS ipi inaruhusiwa kuianzisha prefiksi hii, na urefu wa mwisho ni upi. Njia iliyopita katikati haisainiwi. Mwizi anaweza kuweka namba ya AS ya mwenye mali mwishoni mwa njia na yake mbele, akajifanya jirani tu.

Chukua prefiksi ile ile. ROA ikisema /22, mwisho /22, basi /24 ya kughushi ni `invalid` hata ikibeba namba ya YouTube. Mwizi anabaki na /22, na njia yake ni ndefu kwa hatua moja, hivyo atanasa sehemu tu. Lakini mwenye mali akiandika mwisho /24 "ili asisumbuke baadaye", /24 ya kughushi inakuwa `valid`, na mwizi anachukua karibu yote. Ndiyo maana usiruhusu urefu ambao hutangazi.

Kijana wa Temeke
Na saa ile YouTube walipohitaji kujibu kwa /24, wangefanyaje na ROA yako ya /22? Tangazo lao wenyewe lingekuwa batili.

Fundi wa Rauta
Hoja nzito. Wangelazimika kutoa ROA ya /24 kwanza, kisha wangoje vikaguzi vya wengine, yaani programu zinazosoma ROA, viisome, na hilo huweza kuchukua dakika nyingi. Ukiitoa kabla ya dharura, umemfungulia mwizi dirisha lile lile. Hapo kila mtu achague maumivu yake.

Dada wa Posta
Samahani wakuu, sisi ni ofisi ndogo. Tukipima njia kwenda kwenye tovuti ya hapa hapa Dar, inapita London. Tumetekwa? Na hiyo ROA tunaiomba wapi? Tuna /24 moja tuliyopewa na mtoa huduma.

Salma_NOC
Dada, hamjatekwa. Mtoa huduma wenu na wa hiyo tovuti hawabadilishani trafiki hapa, kwa mfano pale TIX, ndiyo maana pakiti zinapanda ndege. Dalili ya utekaji ni AS ngeni kuwa chanzo cha prefiksi yenu, au kipande kidogo zaidi cha prefiksi hiyo kutokea ghafla.

Kuhusu ROA, hamwezi kuitoa ninyi. Anaitoa mtoa huduma kwenye akaunti yake ya AFRINIC, shirika linalogawa anwani Afrika, kwa kuwa anwani zimeandikwa kwa jina lake. Mkichukua laini ya pili kwa mwingine bila kuwa na AS yenu, mwambieni aongeze ROA ya pili yenye AS ya huyo mpya. Asipofanya hivyo, laini ya akiba itatangazwa ikiwa batili, na mtagundua siku ile laini ya kwanza ikikatika.

Mpinga Sharti
Mnaona mlivyo na imani? Januari 2024 mtu aliingia kwenye akaunti ya Orange Hispania huko RIPE, shirika linalogawa anwani Ulaya, kwa nenosiri dhaifu, akaandika ROA zenye AS isiyo yao. Waliokuwa wakikataa batili wakazitupa njia halali za Orange, huduma ikayumba kwa saa kadhaa. Sasa mnataka jambo hilo liwe sheria?

Salma_NOC
Akaunti haikuwa na uthibitisho wa hatua mbili. Hilo ndilo la kuwekea sharti. Kukataa kwenyewe ni mistari mitatu tu kwenye FRR, programu ya rauta, ukishaiunganisha na kikaguzi na kuiweka route-map hii kwa kila jirani:

```
route-map TOKA-NJE deny 10
 match rpki invalid
route-map TOKA-NJE permit 20
```

Fundi wa Rauta
Ongeza mawili, dada. `bgpd` isipowashwa na `-M rpki`, amri hizo hazipo. Na kikaguzi kikizimika muda mrefu, kila njia inageuka `notfound`, yaani isiyo na ROA, na kupita kimya kimya, bila kengele. Weka vikaguzi viwili, na uangalie `show rpki cache-connection`.

Mpinga Sharti
Haya, mtandao mdogo wa Sinza umeikataa /24 ya mwizi. Bado una /22 inayoelekea kwa muuzaji wake wa juu. Pakiti zikifika kwake, naye ana ile /24, zinaishia kwa mwizi. Faida iko wapi?

Fundi wa Rauta
Hapo sikupingi. Faida kubwa iko kwa wauzaji wa juu, na wengine, kama NTT na Arelion, wanakataa tayari. Mdogo anajilinda zaidi kwa majirani wa moja kwa moja.

Kipimajoto
Basi TCRA wakague kwa kipimo cha isbgpsafeyet.com. Ukifikia prefiksi yao batili, mtoa huduma wako hakatai.

Salma_NOC
Na usipoifikia? Huenda aliyeikata ni muuzaji wa juu, na mtoa huduma wako hajaweka hata mstari mmoja. Kipimo kitampa alama nzuri, huku mlango wake wa TIX ukiwa wazi.

Kipimajoto
Kwa hiyo mkaguzi aombe nini? Faili la rauta?

Mpinga Sharti
Nani atampa?