Quicksort au mergesort: ni kweli quicksort inashinda daima?

mwanagenzi_7
Habari zenu wakuu. Najifunza algoriti, na kuna programu yangu ya kupanga rekodi ambayo lazima niichagulie njia moja wiki hii. Nimepima quicksort na mergesort, quicksort imeshinda kila mara. Nimemwambia mwenzangu kwamba inashinda daima, amekataa katakata. Nani yuko sahihi?

MzeeWaMbili
Imeshinda kwa data ipi? Pivoti unaichukua wapi? Weka kodi hapa, la sivyo tutakuwa tunapiga ramli.

mwanagenzi_7
Samahani mzee. Nimepima namba 50,000 za nasibu. Kodi ndiyo hii:

```
def panga(a, l, r):
    if l >= r: return
    p = a[r]
    i = l
    for j in range(l, r):
        if a[j] <= p:
            a[i], a[j] = a[j], a[i]
            i += 1
    a[i], a[r] = a[r], a[i]
    panga(a, l, i-1)
    panga(a, i+1, r)
```

MzeeWaMbili
Sasa tunaelewana. Pivoti yako ni ya mwisho siku zote. Ipe 1 hadi 8 zikiwa zimeshapangwa, ufuate kwa kalamu. Pivoti ni 8, zote saba zinaangukia kushoto, kulia hakuna kitu. Kisha pivoti ni 7, sita zinabaki kushoto. Ulinganisho ni 7+6+5+4+3+2+1, yaani 28. Mergesort kwa namba nane, hata uzivuruge vipi, haizidi 17. Kwa namba 10,000 zilizopangwa, yako inafika 49,995,000. Mergesort haivuki 123,617. Hiyo "daima" yako imeishia hapo.

mwanagenzi_7
Nimejaribu namba 2,000 zilizopangwa. Haikuchelewa hata, imekufa: `RecursionError: maximum recursion depth exceeded`.

MzeeWaMbili
Ndiyo dalili yenyewe. Kila mwito unapunguza namba moja tu, kwa hiyo miito inarundikana karibu 2,000, na kikomo cha Python kwa kawaida ni 1,000.

kasi_tu
Mnamtisha kijana bure. Achague pivoti kwa nasibu, aibadilishe na `a[r]` kabla ya kuanza, kesi imefungwa. Quicksort inapangia palepale kwenye safu, mergesort inadai safu ya pili ya ukubwa uleule. Mimi sijawahi kuiacha quicksort.

Zuhura_k
Kaka kasi_tu, hata mimi niliamini hivyo, ikanigharimu siku mbili. Nilikuwa na rekodi 200,000 za kupanga kwa hali: imepokelewa, inasubiri, imefungwa. Pivoti ilikuwa ya nasibu kabisa. Kwenye majaribio nilitumia rekodi 500, ikaisha kufumba na kufumbua. Nikaleta data yote, programu ikaganda. Nikashuku diski, nikashuku usomaji wa faili, nikaandika upya sehemu isiyo na kosa lolote. Mwishowe nikahesabu ulinganisho ndani ya kitanzi, na namba ilikuwa imeshapita bilioni huku ikiendelea kupanda.

MzeeWaMbili
Dada Zuhura ameeleza vizuri. Kundi la rekodi 66,000 zenye thamani moja halina pivoti nzuri, maana yoyote utakayookota ni ileile. Kwa `<=` ile, zote zinakwenda kushoto, na kundi hilo peke yake linakula ulinganisho kama bilioni 2.2. Nasibu inakukinga na data iliyopangwa, haikukingi na marudio. Dawa yake ni kugawa sehemu tatu: ndogo, sawa na kubwa, na zile za sawa usiziguse tena.

kasi_tu
Sawa, hilo la marudio nakubali. Ila kwa sehemu tatu na pivoti ya nasibu, bado nitaiweka mbele ya mergesort.

mti_mkavu
Mimi data yangu ni orodha ya viungo, na mergesort haikunidai safu ya pili. Nabadilisha viungo tu. Kwa hiyo hoja ya kumbukumbu si kweli.

kasi_tu
Mkuu, yeye ana safu. Hujasoma kodi.

mti_mkavu
Hajasema rekodi zake zinakaa wapi, amepima namba tu.

Zuhura_k
Hata ukubwa hajasema. Mwanagenzi, rekodi ni ngapi, na unazipanga kwa nini?

mwanagenzi_7
Zinakuja zimeshapangwa kwa tarehe, kama 30,000. Nataka kuzipanga kwa hali, lakini ndani ya kila hali tarehe zibaki zilivyokuja.

MzeeWaMbili
Hilo ndilo ungeanza nalo! Quicksort yako ikibadilishana rekodi za mbali inavuruga tarehe, hata pivoti iwe nzuri namna gani. Mergesort inazilinda, mradi thamani zikilingana uchukue ya kushoto kwanza. Na `sorted` ya Python nayo inalinda mpangilio huo.

kasi_tu
Aweke hali na tarehe pamoja kama ufunguo mmoja, quicksort itafanya kazi vizuri tu.

Zuhura_k
Na rekodi mbili za tarehe moja je?

mwanagenzi_7
Zipo nyingi. Ngoja niangalie kama mpangilio wao una maana yoyote, nitarudi.