Mjadala: Akiba ya Muscat inunue dhahabu kabla ya kufika Dodoma?

Binti wa Chamwino (yuko Muscat) anauliza:
Mbukwenyi ndugu zangu. Nafanya kazi za ndani huku Muscat na mkataba unaisha miezi minne ijayo. Nina akiba ya riali 1,030, na nia yangu ni kiwanja upande wa Ihumwa. Wenzangu hapa wote wananunua bangili, wanasema shilingi inashuka na dhahabu inapanda. Isitoshe, hela nikituma haikai, ndugu wanajua imeingia. Nije na dhahabu au nitume hela?

Mama Mrangi, Kondoa:
Nunua mwanangu, wala usipoteze usingizi. Mimi mume wangu alipolazwa niliuza bangili mbili asubuhi, mchana hela iko hospitali. Ingekuwa kwenye simu ingeshaliwa zamani, huyu mbolea, yule mahari, mwingine ada. Bangili iko mkononi, nani atakuomba umkatie kipande?

Kijana wa Area C:
Mama kamaliza. Halafu dhahabu haishuki jamani. Agosti 2020 wakia moja ilivuka dola 2,000, Oktoba 2025 ikavuka 4,000. Onesheni benki ya Tanzania iliyokupa mara mbili kwa miaka mitano. Dada nunua yote.

Fundi Sonara, Dodoma mjini:
Binti, mimi ndiye mtu utakayeniletea hiyo bangili, kwa hiyo nisikilize kabla hujanunua.

Chukua kalamu. Tuseme siku utakayoingia dukani Ruwi, gramu ya karati 22 ni riali 45. Bangili ya gramu 20 ni riali 900 za dhahabu yenyewe. Juu yake muuza duka anaweka ufundi, tuseme riali 4 kwa gramu, ni 80. Umefika 980. Oman wana kodi ya ongezeko la thamani asilimia 5 tangu Aprili 2021, na kwenye mapambo inapigwa kwa jumla yote, ufundi nao umo. Hiyo ni riali 49. Umelipa 1,029, akiba yako yote imeisha.

Sasa panda ndege, njoo kwangu wiki hiyohiyo, bei ya dunia haijatikisika. Nitaisugua kwenye jiwe, nitadondosha tindikali, nitaona kweli ni karati 22. Ufundi wa Muarabu sikulipi, kwa sababu mteja wangu hataki mtindo ule, mimi naiyeyusha. Kodi ya Oman siijui. Nitakulipa dhahabu tu, na nitakata kama asilimia 10 kwa sababu kwenye maungio kuna risasi ya kuunganishia, kuna kinachopotea motoni, na hela yangu italala mpaka apatikane mnunuzi. Unaondoka na thamani ya riali 810.

Riali 219 zimekwenda, asilimia 21 ya ulizolipa, na hakuna aliyekuibia. Ili urudi ulipoanzia, dhahabu ipande asilimia 27 kwanza. Kwa mtu anayetaka kiwanja miezi michache ijayo, hilo ni deni kubwa mno la kuanzia.

Mama Mrangi, Kondoa:
Nyie masonara ndio mnaotunyonya! Asilimia 10 kwa kugusa jiwe tu!

Fundi Sonara, Dodoma mjini:
Mama yangu, shikamoo. Kuna wanaokata zaidi ya hapo, hasa wakiona mtu ana haraka au ana mgonjwa. Ndiyo maana nasema pita kwa watatu, mzani uuone mwenyewe, na kama bangili ina mawe, uzito wa mawe utolewe mbele yako. Lakini hata sonara mwenye huruma kuliko wote hatakurudishia ufundi na kodi.

Kama ni lazima iwe dhahabu, basi iwe kipande cha karati 24 kilichofungwa na cheti chake. Oman dhahabu ya uwekezaji, ile ya usafi wa asilimia 99 kwenda juu, inatozwa asilimia sifuri, na ufundi wake ni mdogo sana. Tatizo lake linahamia huku. Dodoma mnunuzi wa kipande hicho ni sisi haohao, na tutakipima upya na kukikata bei vilevile.

Mchimbaji wa Londoni, Manyoni:
Mnahangaika na ya Muscat wakati dhahabu iko nyumbani! Singida imechimbwa tangu Mjerumani yuko Sekenke. Dada lete hizo riali, nikununulie ya wachimbaji moja kwa moja, bei chini kabisa. Unauza sokoni faida mkononi.

Mhasibu wa Mkonze:
Kaka, hajauliza biashara ya madini. Na kununua dhahabu ghafi bila leseni ni kosa kwa Sheria ya Madini. Masoko ya madini yaliyofunguliwa kuanzia 2019 ndiyo mahali pa kuuzia, na mle anayenunua ni mwenye leseni. Dada, mtu yeyote akikwambia tuma hela akununulie "ya wachimbaji", hata akiwa ndugu, kaa nayo mbali.

Sasa nirudi kwa swali lenyewe, maana naona hofu mbili zimefungwa kwenye kitambaa kimoja. Kwanza, shilingi. Wenzako wanasahau kwamba riali ya Oman imefungwa kwenye dola, na tangu 1986 riali moja ni dola 2.60. Kila riali unayoiweka bila kuibadili, tayari umeweka dola. Shilingi ikishuka, riali yako inanunua shilingi nyingi zaidi, bila ufundi, bila kodi, bila sonara. Hofu ya shilingi peke yake haihitaji bangili.

Ila nisiwe kama Kijana hapo juu. Shilingi nayo huwa inageuka. Oktoba 2024 dola ilikuwa juu ya 2,700, Desemba hiyohiyo ikaanguka hadi karibu 2,400. Aliyeshika dola akisubiri ipande zaidi aliumia.

Kijana wa Area C:
Sawa, lakini dhahabu ingempandia kuliko hizo dola zako. Takwimu nimezitaja.

Mhasibu wa Mkonze:
Umetaja za upande mmoja. Septemba 2011 wakia ilikuwa karibu dola 1,900. Mwisho wa 2015 ilikuwa karibu 1,050. Aliyenunua kileleni alisubiri mpaka 2020 kuiona tena bei yake.

Lakini hapa una hoja ambayo hukuisema. Kwa shilingi maumivu yalikuwa madogo, kwa sababu dola yenyewe ilipanda kutoka kama 1,600 hadi kama 2,150 katika miaka hiyo. Wakia ilitoka takriban milioni 3.04 hadi milioni 2.26. Kwa dola umepoteza karibu nusu, kwa shilingi robo. Kwa hiyo nusu ya sifa wanayoipa dhahabu huku kwetu ni kazi ya dola. Mtu mwenye miaka kumi ya kungoja, sawa, anunue. Mwenye miezi minne anabahatisha.

Binti wa Chamwino:
Asanteni sana. Baba Fundi, kwa hiyo wenzangu wote wamepoteza? Mmoja alinunua miaka mitatu iliyopita na anasema ana faida kubwa. Halafu mimi mshahara napewa mkononi, hela yote iko ndani ya begi chumbani. Hilo ndilo linaninyima usingizi kuliko shilingi.

Fundi Sonara, Dodoma mjini:
Huyo mwenzako ana faida kweli, simpingi. Bei imepanda sana kiasi cha kufunika ufundi na kodi. Alinunua mapema na hakuwa na haraka. Wewe unanunua leo, na una haraka.

Hiyo ya begi ni habari nyingine, ungeianza hiyo. Usikae na riali elfu chumbani kwa watu.

Mhasibu wa Mkonze:
Fungua akaunti ya dola huku nyumbani kwa jina lako mwenyewe, benki nyingi hapa Dodoma zinazo, na Watanzania walioko nje wanafungua. Tuma humo, si kwenye namba ya simu ya kaka. Kanuni za Machi 2025 zilikataza kupanga bei na kulipana kwa fedha za kigeni humu nchini, lakini kuweka dola benki hazikukataza. Siku ya kiwanja unabadili benki, unalipa shilingi.

Na ukienda kutuma, usiulize ada tu. Ada wanaiandika ukutani, wizi uko kwenye bei ya kubadili. Chukua bei ya dola ya siku hiyo, zidisha kwa 2.6. Tuseme dola ni 2,500, riali ni 6,500. Wakikupa 6,330, wamekula shilingi 170 kila riali. Kwa riali 1,000 ni laki na sabini elfu, hapo "ada" imeandikwa riali moja. Zunguka maduka mawili matatu. Ukituma dola kwenda akaunti ya dola, hesabu ni ileile: riali elfu zinapaswa kuzaa karibu dola 2,600, uliza wanakupa ngapi na benki ya huku inakata ngapi zikifika.

Mama Mrangi, Kondoa:
Mhasibu umesema vizuri, lakini hujalala na familia wewe. Akaunti kwa jina lake, kaka atajua tu. "Dada una hela benki, baba anaumwa." Utamwambia nini? Hesabu ya Fundi inasema dhahabu inakula asilimia 21. Mimi ndugu wamenila asilimia mia.

Fundi Sonara, Dodoma mjini:
Hapo mama sina jibu la kalamu.

Mwenzio wa Salalah:
Naongeza la safari. Ukibeba, beba yako tu. Kuna dada alikubali kuvaa bangili za wenzake watano awafikishie kwao, akasimamishwa forodha uwanja wa ndege. Ya mtu mmoja inaonekana pambo, ya watu sita inaonekana biashara. Risiti zilikuwa na majina ya wengine. Kama una kipande cha karati 24, hicho si pambo hata ukikivalisha kamba, kitangaze dirishani kwa TRA na risiti mkononi.

Binti wa Chamwino:
Nimewaelewa. Nafikiria riali 850 ziende akaunti ya dola kwa jina langu, wiki hii hii, nitoke kwenye begi. Zilizobaki ninunue kitu kidogo cha gramu tatu, hicho ni cha kuvaa, sikihesabu akiba. Nyumbani nitasema nimerudi na kipini na nguo.

Mama Mrangi, Kondoa:
Uongo huo watautambua kabla hujafika Ihumwa. Nunua kumi.

Mhasibu wa Mkonze:
Mama, gramu kumi ni zaidi ya riali 500 na ufundi wake na kodi. Kiwanja kitatoka wapi? Dada, kabla ya yote hayo, hicho kiwanja ni cha mradi uliopimwa au ni cha mtu mwenye barua ya mtaa? Bei ya hivyo viwili haifanani hata kidogo, na ndiyo itakayosema kama riali 850 zinatosha.

Binti wa Chamwino:
Barua ya mtaa. Kaka ndiye aliyekiona.

Mama Mrangi, Kondoa:
Kaka yuleyule?