Basi limeondoka saa 2:45 usiku, mwanangu kapata "saa 5:83". Nisaidieni hesabu za saa zinazovuka usiku wa manane

MamaNeema
Wakuu habari za jioni. Binti yangu yuko darasa la sita na amepewa swali hili: basi liliondoka Dodoma saa 2:45 usiku, likatumia saa 9 na dakika 38 kufika Mwanza. Lilifika saa ngapi?

Yeye alichukua simu yangu, akaandika 20.45 + 9.38, akapata 29.83, akatoa 24, jibu likawa 5.83. Kaka yake akamcheka, naye akafanya kwa mkono akapata 6:23, akaandika "saa 6:23 usiku". Nyuma ya kitabu jibu ni saa 12:23 asubuhi. Sasa majibu ni matatu na hapa nyumbani kila mtu anamwamini wake. Namwelezaje huyu mtoto?

Kijiwe_Namba1
Kitabu kimekosea, dada. Saa ya 24 unaigeuza kuwa ya kwetu kwa kutoa 6. Huyo kaka kapata 06:23, toa 6 inabaki 0:23. Hiyo 12 wameitoa wapi?

Mwl_Mstaafu
Kijiwe, kutoa 6 ni sahihi, umeishia njiani tu. Saa yetu haina sifuri. Ukipata 0 unasoma 12, kwa hiyo 0:23 ni saa 12:23, na kwa kuwa ni 06:23 tunasema asubuhi. Kitabu kiko sawa.

MamaNeema, wanao wamekosea sehemu mbili tofauti, kwa hiyo usiwape maelezo ya aina moja.

Kaka hesabu yake ni safi. Dakika 45 na 38 ni 83. Dakika zikifika 60 zinakuwa saa nzima, kwa hiyo 83 ni saa 1 na dakika 23. Andika 23, peleka 1 upande wa saa: 20 na 9 na 1 ni 30. Siku ina saa 24, toa 24, zinabaki 6. Amepata 06:23 ya siku ya pili. Alipoteleza ni kwenye kuandika. Alianza na saa ya kizungu (20:45), akamaliza na ya kizungu, kisha akaibandika neno "usiku" kama vile ni saa yetu. Saa 6:23 usiku ya kwetu ni 00:23, basi lingekuwa halijafika hata nusu ya safari.

Binti shida yake ni kikokotozi. Ile nukta kwenye 20.45 kikokotozi hakiioni kama saa na dakika, kinaona mia. Kinasubiri ifike 100 ndipo kipeleke moja. Dakika hazisubiri 100.

MamaNeema
Asante mwalimu. Lakini 5:83 hata mimi nimeona haipo. Si angeigeuza tu hiyo 83 iwe 1:23?

Mwl_Mstaafu
Hapo angepona, angepata 6:23. Hatari ni pale kikokotozi kinapotoa jibu linalofanana na saa ya kweli. Mwambie ajaribu muda kutoka 8:45 hadi 10:00. Kikokotozi kitasema 10.00 − 8.45 = 1.55. Inasomeka vizuri kabisa, saa 1 na dakika 55. Hesabu kwa vidole: 8:45 hadi 9:00 ni dakika 15, hadi 10:00 ni saa 1, jumla saa 1 na dakika 15. Kimezidisha dakika 40.

Na ni 40 kila mara, kwa sababu kikokotozi kikikopa saa moja kinaleta 100 badala ya 60. Kwenye kujumlisha inageuka: 2.45 + 1.58 kinasema 4.03, jibu la kweli ni 4:43, zimepungua 40. Nikisahihisha daftari nikaona mwanafunzi amepishana na mimi dakika 40 kamili, najua kuna simu chini ya dawati.

babu_wa_pwani
Mnazunguka sana. Mtoto anasoma Kiswahili, ahesabu Kiswahili. Saa 2:45 na saa 9:38. Mbili na tisa kumi na moja, dakika 83, basi ni 12:23. Usiku unaishia saa 12, hizo 23 ni za asubuhi. Ishirini na nne ya nini? Saa yetu ikivuka usiku wa manane haishtuki, inatoka sita inaingia saba.

Mwl_Mstaafu
Babu hapo umenena, kwa swali hili ni njia fupi kuliko zote. Namba zetu zinarudi moja baada ya saa 12, jua linapotoka na linapozama. Lakini tarehe inabadilika saa 6 usiku, na saa yetu haikuonyeshi. Safari ikizidi saa 12 mtoto anapoteza hesabu, hajui tena ni asubuhi au jioni.

Mama_Muscat
Samahani naingilia, na mimi nina ya ndege. Tiketi inasema naondoka Dar 23:30, nafika Muscat 05:45. Nimehesabu saa 6 na dakika 15, mume wangu anasema ni saa 5 na robo. Nani kweli?

Mwl_Mstaafu
Mumeo. Muscat iko mbele ya Dar kwa saa 1, na tiketi huandika saa ya mahali ulipo. 05:45 yao ni 04:45 ya Dar. Kutoka 23:30 hadi 24:00 ni dakika 30, ongeza 4:45, ni 5:15.

Karani_Lojistiki
Kwa wenye safari nyingi, mimi naweka kwenye Excel. Kutoka iko A2, kufika B2. Ukitoa kawaida na umevuka usiku wa manane inajaza alama za reli #### kwa sababu muda ni hasi. Weka hivi:

```
=MOD(B2-A2,1)
```

Inakuongezea siku moja yenyewe. Ila lori likitumia zaidi ya siku nzima inakudanganya, inaimeza hiyo siku. Hapo lazima uandike na tarehe kwenye A2 na B2, utoe kawaida, kisha seli uipe muundo `[h]:mm`, la sivyo saa 31 itasomeka 7.

MamaNeema
Hayo ya Excel tumwachie baba yake. Kuna swali la pili, la kutoa: limeondoka saa 3:50 usiku, limefika saa 5:15 asubuhi. Amekwama, anasema 11 haitoi 21.

Mwl_Mstaafu
Akope siku. 11:15 aiongezee 24, iwe 35:15. Sasa dakika 15 haitoi 50, akope saa moja, ailete kama 60: inakuwa 34:75. Toa 21:50, zinabaki 13:25. Mikopo miwili ya thamani tofauti, upande wa siku unaleta 24, upande wa saa unaleta 60. Ahakikishe kwa njia ya babu: kutoka 3:50 hadi 12:00 ni 8:10, ongeza 5:15, ni 13:25.

Kijiwe_Namba1
Sawa, sasa nijibuni: tiketi ya tarehe 14 saa 6:30 usiku, naenda stendi usiku gani?

Karani_Lojistiki
Usiku wa tarehe 13 kuamkia 14. Ni 00:30, tarehe 14 ina nusu saa tu. Ukienda usiku unaofuata, gari limeondoka jana.

babu_wa_pwani
Kwetu siku inaanza magharibi, huo usiku wote ni wa tarehe 14. Walioandika tiketi ndio waseme wanamaanisha upi.

Kijiwe_Namba1
Tiketi imeandikwa "14, saa 6:30 usiku" basi, hamna 00:30. Ngoja niwapigie.