Mstari huu unaeleweka, au nauelewa peke yangu? Naombeni ushauri

Wa_Ngamiani: Wakuu, salaam. Nina shairi la tarbia, na mstari mmoja unaninyima usingizi:

*Kiti cha tatu ki wazi, mwenyewe hajarejea.*

Rafiki niliyemsomea kasema mzuri, lakini uso ulimkunjika. Niambieni kweli, unaeleweka? Nina haraka, na kuubadilisha ni vigumu.

Kijana_Raskazone: Nimehesabu, mizani nane kwa nane. Hakuna kosa hapo. Mkoa uliomtoa Shaaban Robert, mzaliwa wa Vibambani mwaka 1909, hatuogopi mafumbo.

Bi_Pangani: Mwanangu, mizani haikuulizwa. Na wewe mwenye uzi, usimwulize mtu kama ameelewa, kwa adabu atakujibu ndiyo. Mwache aseme kwa maneno yake nani hayupo, kaenda wapi, na hicho kiti kiko wapi. Usimdokeze kitu. Jamani, tujibu hivyo kabla hajatufafanulia. Mimi naona msafiri anayengojwa. Kiti sijui cha wapi.

Dereva_Chumbageni: Mimi naona gari. Abiria kashuka kununua maji, konda anamngoja. Kuna mama alinifanyia hivyo pale stendi ya Kange, akaacha mtoto kwenye siti! Abiria nusu wakataka tuondoke, nusu wakanizuia funguo.

Mke_wa_Pili: Huo ni ukewenza. Viti viwili vina wenyewe, cha tatu kinatafutiwa mtu. Nayajua hayo, nimeyaishi.

Bi_Pangani: Basi tazama. Karibu sote tumeona mtu asiyekuwepo, kwa hiyo "hajarejea" limefika. Kilichotutawanya ni "cha tatu". Usiubomoe mstari mzima, ugonjwa uko kwenye neno hilo. Shairi litasomwa wapi?

Wa_Ngamiani: Kwenye shughuli ya familia.

Bi_Pangani: Shughuli gani?

Wa_Ngamiani: Harusi ya dada yangu.

Mke_wa_Pili: Harusini! Mbele ya wakwe! Watasema bwana harusi kashatengewa nafasi ya mke wa tatu. Utaharibu shughuli ya watu.

Wa_Ngamiani: Hamjui tu. Barazani kwetu kulikuwa na viti vitatu, cha babu, cha mama, na cha tatu cha marehemu baba, mguu wake umefungwa uzi wa nyavu. Dada akiusikia ataelewa papo hapo. Wengine si lazima waelewe. Isitoshe, mstari huo unachapwa peke yake kwenye kadi. Mchapaji nimeshamlipa nusu.

Nusa_Chai: Hii chai. Marehemu gani "hajarejea"? Marehemu harejei. Huyu ana mashindano ya ushairi, anataka tumtungie bure.

Dereva_Chumbageni: Hata mimi nilishtuka hapo kwenye marehemu.

Wa_Ngamiani: Baba alitweka dau kwenda kuvua. Dau halikuonekana, wala yeye. Khitma imesomwa, lakini mama mpaka leo hamwiti marehemu. Nikiongea na wageni nasema marehemu ili wasiulize zaidi. Kwenye shairi sikuweza.

Bi_Pangani: Pole sana, mwanangu. Sasa sikia. Mwana Kupona mwaka 1858 alimtungia binti yake utenzi, na sisi tusiomjua binti huyo tunausoma tukaelewa. Kumwandikia mtu mmoja si kosa. Ila asiyejua habari zenu naye apate maana iliyokamilika, hata kama si yote. Dokezo liweke mstari wa juu yake:

*Alitweka kwenda kazi, usiku ukaingia,*
*Kiti cha tatu ki wazi, mwenyewe hajarejea.*

Sisi humu hatufai tena kupima, tumeshaambiwa. Nimemsomea mjukuu wangu asiyejua uzi huu. Kasema, "Mvuvi hakurudi, kwao bado wamemwekea kiti." Kwa nini cha tatu, hakujua. Lakini hakuona gari wala mke mwenza. Hiyo "cha tatu" inabaki ya dada yako.

Kijana_Raskazone: Si aandike tu "Kiti cha baba ki wazi"? Mizani ni zile zile.

Wa_Ngamiani: Hapana. Nikitaja baba, ukumbi mzima utageuka kumtazama mama. Na huo "usiku ukaingia", Bi Pangani, si mzito kwa harusi? Halafu kadi ina nafasi ya mstari mmoja.

Bi_Pangani: Kwenye kadi peke yake utakuwa umeukata na dokezo lake, watu watarudi kwenye wake wenza. Chapa yote miwili au usichape. Uzito wa "usiku" mimi si wa kuupima. Yupo mtu wa kwenu aliyekijua kiti hicho?

Mke_wa_Pili: Mimi nasema harusini watu waimbiwe furaha. Huo msome siku nyingine.

Wa_Ngamiani: Yupo mama mdogo. Namsomea leo jioni, kwanza mstari mmoja, kisha miwili, bila kumwambia kitu. Mchapaji nimempigia asichape. Kama mama mdogo atalia sijui nitaamuaje, maana mama mwenyewe bado sijamgusia.