Unga "umepotea" kwenye maji! Watoto wa darasa la kwanza wamenikamata, naomba ushauri

BiMwalimu_Kaskazini aliandika:

Assalaam alaykum ndugu zangu. Nasomesha darasa la kwanza huku Pemba, watoto wa miaka sita, wako 54 darasani. Wiki iliyopita tulifanya jaribio la vitu vinne kwenye maji: chumvi, sukari, mchanga na unga wa ngano. Nilifanya makundi tisa, kila kundi vikombe vinne na karatasi mbili kubwa, moja nimeandika KIMEPOTEA, ya pili KIMEBAKI. Kila kikombe kijiko kimoja cha chai, wakoroge, watizame, kisha wakiweke kikombe kwenye karatasi yake.

Sukari makundi yote wamesema imepotea. Mchanga wote wamesema umebaki. Chumvi ikanigawa darasa: matano imebaki, manne imepotea. Na unga, makundi saba wameupeleka kwenye KIMEPOTEA.

Nikawaambia unga haujapotea. Mtoto mmoja wa kike akasimama: "Mwalimu, sukari umesema imepotea kwa kuwa hatuioni. Na unga hatuuoni. Mbona huo haujapotea?" Nimesomesha miaka kumi na moja, nikakosa la kumjibu kwa maneno ya mtoto. Nikasema tutaangalia tena, vikombe vikamwagwa, kengele ikalia.

Wiki ijayo nataka kulirudia. Sitaki kuwaambia "shikeni hivi kwa sababu mwalimu kasema". Nifanyeje waone wenyewe?

MaalimMstaafu aliandika:

Waalaykum salaam mwanangu. Kabla sijasema kitu: vikombe vyako vinaonyesha upande wa pili, au ni vya rangi? Na baada ya kukoroga mlisubiri muda gani? Na hiyo chumvi ni ipi?

BiMwalimu_Kaskazini aliandika:

Shikamoo Maalim. Vikombe ni vya plastiki, vyekundu na vya kijani. Hatukusubiri, tumekoroga tukatizama hapo hapo. Chumvi ni ya mawe ya hapa kwetu, ile inayovunwa kwenye mashamba ya chumvi pwani.

Mkarafuu77 aliandika:

Mwalimu tatizo lako ni maji baridi. Tumia maji ya moto, kila kitu kitayeyuka haraka, na unga pia. Kwani uji unapikwaje? Ukishachemka huoni unga tena.

MaalimMstaafu aliandika:

Marahaba. Ndugu Mkarafuu, kwa sukari umesema kweli, maji ya moto huiyeyusha haraka na hubeba nyingi zaidi. Chumvi nayo huyeyuka upesi zaidi, ingawa kiasi kinachobebwa na maji hakizidi sana. Lakini unga kwenye maji ya moto haupotei. Chembe zake hunywa maji, hufura, na ndiyo maana uji huwa mzito. Sukari ikiyeyuka maji yanabaki mepesi, kijiko kinapita. Unga ungekuwa umeyeyuka, usingehitaji mwiko. Tena maji ya moto mbele ya watoto 54 wa miaka sita, mimi siyaleti darasani.

Sasa Bi Mwalimu. Yule mtoto ana haki yake. Ulimpa swali la "kinaonekana au hakionekani", akalijibu sawasawa. Kwenye kikombe chekundu, ukitizama kwa juu, huoni chini, na punje ya unga ni ndogo mno kwa jicho. Kosa limo kwenye kikombe na kwenye haraka.

Tafuta chupa za maji za plastiki zinazoonyesha, zikate katikati, ukingo uupitishie gundi ya karatasi usimkate mtoto. Maji nusu chupa, kijiko kimoja cha chai kilichosawazishwa. Chora msalaba mweusi kwenye karatasi, isimamishe nyuma ya chupa. Maji ya sukari: msalaba unaonekana, labda umepinda kidogo. Maji ya unga: msalaba umezibwa. Hapo mtoto ana kitu cha kunyooshea kidole. Kilichoyeyuka kinaacha maji yaonyeshe. Kilichotawanyika tu kinayaziba.

Kisha acha chupa za unga dirishani, mtu asiziguse. Baada ya robo saa weupe unaanza kukaa chini, baada ya saa moja kuna tabaka kabisa. Watoto wa Pemba hili wamelijua nyumbani bila kujua kuwa wanalijua: bibi akikuna muhogo, akaukamua kwa kitambaa, maji meupe yakaachwa kwenye beseni, wanga hutua chini. Muulize darasa nani kaona hivyo.

Na tahadhari moja. Usiuchuje unga kwa kanga kuwaonyesha kuwa haujayeyuka. Mwingi utapita na maji meupe, na watoto watasema umeyeyuka kweli. Tui nalo linapita kwenye chujio, lakini liache lisimame, utaona zito linapanda juu.

Kuhusu chumvi: ya mawe haina kosa ila punje ni kubwa, inataka kukorogwa muda mrefu, na mara nyingi ina tope na mchanga wa shambani. Makundi matano waliosema "imebaki" inawezekana wameona punje ambazo hazijamalizika, au uchafu uliotua. Somo la kwanza tumia ya paketi iliyosagwa. Ya mawe ilete siku ya pili, muitwange kwenye kinu, muone tofauti.

MamaHawa_Kusini aliandika:

Samahanini naingia na langu. Mimi niko kusini Unguja, kisima chetu maji yana chumvi, hata chai ina ladha. Maalim, kama chumvi inayeyuka tu kwenye maji, mie nikichuja kwa kitambaa mara tatu itatoka? Nina mtoto mchanga.

MaalimMstaafu aliandika:

Pole mama. Kwa kitambaa haitoki, hata ukichuja mara mia, wala kwa kuchemsha. Chumvi imeshaingia ndani ya maji, inapita pamoja nayo. Ukichemsha maji yanapungua, chumvi inabaki, kwa hiyo yanazidi ukali. Ya mtoto chukua mahali pengine penye maji baridi yasiyo chumvi, na umuulize daktari wa kliniki ya watoto.

Lakini umenikumbusha jambo la Bi Mwalimu. Kama utakausha maji juani kuonyesha kuwa chumvi haikupotea, weka na sahani ya maji matupu. Maji yetu mengi ya visima huacha ukungu mweupe yakikauka. Bila sahani hiyo, utadhani ukungu wote umetoka kwenye jaribio.

BabaPacha aliandika:

Kwa nini sahani na jua? Wape waonje. Chumvi haionekani lakini ulimi unaijua. Dakika moja kila mtoto keshafahamu.

BiMwalimu_Kaskazini aliandika:

Nimelifikiria, Baba Pacha. Lakini watoto wameshatia vidole kwenye vikombe, na cha mchanga kiko pembeni ya cha sukari. Nikiwaruhusu hicho, kesho wataonja na kitu kingine nisichokiona. Tena kuna wanaofunga nusu siku Ramadhani ikifika, sitaki somo linalotegemea kuonja.

BabaPacha aliandika:

Nyumbani basi, na mama yake. Mie wanangu wameonja na wamefahamu, sibadilishi maneno.

Chuo_cha_Bibi aliandika:

Mimi nasomesha maandalizi. Naona ugonjwa uko kwenye neno "kimepotea". Kitu kilichopotea hakipo. Sukari ipo! Tunamfundisha mtoto uongo, halafu darasa la nne tunamwambia asahau. Andikeni IMEYEYUKA tangu mwanzo.

MaalimMstaafu aliandika:

Nakubali nusu. Lakini barafu nayo tunasema imeyeyuka, na hapo hakuna kilichoingia ndani ya kingine. Nimewahi kusikia mtoto akisema sukari imegeuka maji, kwa sababu barafu hugeuka maji. Kwa hiyo neno hilo nalo lina mtego wake. Mimi ningeanza na "tunakiona / hatukioni", na karatasi ya tatu: BADO HATUJUI.

Chuo_cha_Bibi aliandika:

Karatasi ya tatu naiunga mkono. Juu ya neno, bado sijaridhika.

BiMwalimu_Kaskazini aliandika:

Nimerudi, na nawashukuruni nyote. Tumelirudia Jumatatu.

Chupa kumi nimezikata, kundi moja likatumia mbili kwa zamu. Msalaba nimeuchora kwa kalamu nzito. Sukari na chumvi ya paketi, msalaba ulionekana, mikono yote juu. Kwa mchanga nilipata mshituko: wa pwani, mweupe, ule ule, lakini maji yalikuwa kama maziwa na msalaba haukuonekana. Vumbi lake. Mchana nikauosha mara nne kwenye ndoo mpaka maji yakatoka safi, kesho yake tukarudia, mchanga chini, msalaba wazi.

Unga uliwekwa BADO HATUJUI na makundi manane kati ya tisa, mimi sikusema neno. Chupa zikakaa dirishani mpaka baada ya mapumziko. Waliporudi, chini pana tabaka jeupe kama unene wa ukucha. Yule mtoto wangu akainama akalitizama kwa pembeni, akasema: "Ulikuwa umejificha." Akaichukua chupa mwenyewe polepole akaihamisha. Kuna mvulana mmoja aliitikisa yake, ikawa nyeupe tena, akapiga ukelele kwamba "umerudi juu". Walitaka kuitikisa siku nzima.

Maji ya juu ya unga hayakuwa maangavu kabisa hata kesho yake, na yalianza kunuka uchachu, tukayamwaga.

Sahani nne zenye rangi nyeusi, kijiko kimoja kimoja cha maji, tukaziweka juani. Ya maji matupu imeacha ukungu kidogo, kama Maalim alivyosema. Ya chumvi imeacha punje, nyingine zina pembe nne, watoto wamezitambua. Lakini asubuhi ya pili zilikuwa zimelowa tena na mbichi. Ya sukari haijakauka hadi leo siku ya tatu, inanata, na sisimizi wameijaa.

MaalimMstaafu aliandika:

Hongera sana. Chumvi kulowa ni unyevu wa hewa yetu, usiku inauvuta. Ihamishie ndani ya kabati lililofungika kabla ya jua kuzama, au iangalie adhuhuri. Sukari kwa hewa hii ya pwani inabaki kama asali, usiisubiri itoe punje. Sisimizi wamekujibia: sahani ya maji matupu wameigusa?

BiMwalimu_Kaskazini aliandika:

Hata mmoja. Nimeirudisha darasani kwa ajili hiyo, kesho nitawauliza kwa nini wamechagua ile moja tu.